Mraba wa Z, gama yenye umbo la nusu, na duara la kosa la mpimaji

*"Ninasoma upimaji ardhi, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba Z² ni kai-mraba yenye digrii 1 ya uhuru, na kwamba hiyo ni gama yenye umbo 1/2 na skeli 2. Nilipojaribu kuitoa mwenyewe, eneo lote chini ya mchoro likanipa 1/2 badala ya 1. Kwenye R nikaandika pgamma(5.991, 1, 2) nikapata 0.9999937, wakati jedwali linasema 0.95. Halafu kuna zoezi la GPS: kosa la mashariki na la kaskazini kila moja lina σ ya mita 3. Nilichora duara la mita 5.88 nikaandika asilimia 95, nikapigwa mkasi. Nimekosea wapi?"*

Ndugu yangu, makosa yako ni matatu, na yote yamo ndani ya ile gama. Tukiifungua taratibu, kila moja utaliona lilipojificha. Tuanze na ile nusu iliyopotea.

Z ni kigeu cha kawaida sanifu, wastani wake 0 na variansi 1. Tukiita Y = Z², jambo la kwanza la kushika ni kwamba kila thamani ya Y iliyo juu ya sifuri ina wazazi wawili. Y ikiwa 1.44, Z inaweza kuwa 1.2 na inaweza kuwa −1.2. Wengi huandika z = √y, wanatafuta derivativu, wanabadilisha msongamano, na wanasahau kabisa upande wa hasi. Matokeo yake ni fomula yenye sura sahihi lakini iliyobeba nusu tu ya uwezekano wote. Ndicho kilichokupata. Njia salama ni kutoanza na msongamano. Anza na uwezekano wenyewe:

```
P(Y ≤ y) = P(−√y ≤ Z ≤ √y) = 2Φ(√y) − 1
```

Hapa pande zote mbili zimeingia zenyewe, huna cha kusahau. Sasa tafuta derivativu kwa y. Derivativu ya Φ ni msongamano wa kawaida φ, na derivativu ya √y ni 1/(2√y). Ile 2 ya mbele inakatana na 2 ya chini:

```
f(y) = 2 · φ(√y) · 1/(2√y)
     = (1/√(2π)) · y^(−1/2) · e^(−y/2),   y > 0
```

Usiniamini kwa maneno, tuipime kwa namba. Chukua kipande kidogo cha Z kuanzia 1.20 hadi 1.21. Upana wake ni 0.01, na kimo cha φ katikati yake, yaani kwenye 1.205, ni 0.1930. Eneo lake basi ni 0.00193. Upande wa hasi, kuanzia −1.21 hadi −1.20, una eneo hilohilo. Vyote viwili vinaangukia mahali pamoja kwenye Y: kuanzia 1.44 hadi 1.4641. Jumla ya uwezekano ni 0.00386, na upana mpya ni 0.0241. Gawanya, utapata kimo cha 0.160. Sasa weka y = 1.452 kwenye fomula ya juu: 0.3989 gawa kwa 1.205, mara e^(−0.726) ambayo ni 0.4838. Inatoka 0.160. Ungechukua upande mmoja tu ungepata 0.080, na hiyo ndiyo nusu yako.

Jaribio hilo linaonyesha pia kazi ya ile y^(−1/2). Kuinua kwa mraba kunatanua baadhi ya vipande na kubana vingine. Kipande cha 0.01 karibu na 1.2 kilitanuka kikawa 0.0241. Lakini karibu na sifuri mambo yanageuka: Z kati ya −0.1 na 0.1 ina uwezekano wa 0.0797, na wote huo unasongamana kwenye Y kati ya 0 na 0.01. Kimo cha wastani hapo ni karibu 8. Ukisogea zaidi kuelekea sifuri kimo kinapanda bila kikomo. Hilo huwatisha wanafunzi, maana wamezoea kwamba uwezekano hauzidi 1. Kisichozidi 1 ni eneo. Kimo cha msongamano hakina sharti hilo, na eneo la kile kijinguzo kirefu karibu na sifuri ni dogo na linahesabika: ni ile 0.0797.

Sasa tuilete gama. Msongamano wa gama yenye umbo α na skeli β ni huu:

```
g(y) = y^(α−1) · e^(−y/β) / (Γ(α) · β^α),   y > 0
```

Usihangaike na sehemu ya chini kwanza. Angalia tu sehemu zenye y. Kwenye fomula yetu kipeo cha y ni −1/2, kwa hiyo α − 1 = −1/2, na α = 1/2. Kwenye e tuna −y/2, kwa hiyo β = 2. Basi, imekwisha. Misongamano miwili yenye sehemu za y zinazofanana, na kila mmoja ukiwa na eneo la 1, lazima iwe na kigawanyo kimoja. Maana yake √(2π) ni sawa na Γ(1/2) · √2, na kutoka hapo Γ(1/2) = √π inajitokeza yenyewe. Huna haja ya kuikariri kama kitu kilichodondoka kutoka juu.

Umeona pia kila namba imetoka wapi. Umbo la nusu limetokana na kutanuka kwa upana tulikokuona sasa hivi, ile 1/√y. Skeli ya 2 imetokana na ile 2 iliyo chini ya z² kwenye e^(−z²/2). Hizi ni asili mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo itakayotusaidia tukianza kujumlisha.

Tuchukue miraba miwili inayojitegemea, Z₁² na Z₂², na jumla yake Y. Ili Y iwe y, mraba wa kwanza unachukua sehemu u na wa pili unabakiwa na y − u. Tunajumlisha uwezekano wa njia zote za kugawana, kuanzia u = 0 hadi u = y:

```
h(y) = ∫₀^y (1/2π) · u^(−1/2) · e^(−u/2) · (y−u)^(−1/2) · e^(−(y−u)/2) du
```

Tua hapa kidogo, maana siri yote iko kwenye zile e mbili. Ya kwanza ina −u/2, ya pili ina −(y−u)/2. Ukizizidisha, u inafutika kabisa na inabaki e^(−y/2), ambayo inatoka nje ya integrali. Imefutika kwa sababu skeli ni ileile pande zote mbili. Kama mmoja ungekuwa na skeli 2 na mwingine 5, u isingefutika na kilichobaki kisingekuwa gama. Shika neno hilo, tutalirudia kwenye GPS.

Kilichobaki ndani ni u^(−1/2) · (y−u)^(−1/2). Badilisha u = ys, ili s iende kuanzia 0 hadi 1. Kila kipande kinatoa kipeo chake cha y: y^(−1/2) mara mbili, na du inatoa y moja. Vinakatana vyote, inabaki y⁰. Integrali ya s iliyobaki ni namba tu, haina y ndani. Kwa hiyo h(y) ni namba fulani mara e^(−y/2). Hiyo ni gama yenye umbo 1 na skeli 2, na ili eneo liwe 1 namba hiyo lazima iwe 1/2:

```
h(y) = (1/2) · e^(−y/2),   y > 0
```

Rudia hoja hiyohiyo kwa gama yoyote mbili zinazojitegemea, yenye umbo a na yenye umbo b, skeli ikiwa moja. Vipeo vya y ni (a−1) + (b−1) + 1, yaani a + b − 1. Hicho ni kipeo cha gama yenye umbo a + b. Kumbe maumbo yanajumlishwa na skeli inabaki palepale. Kila mraba unaleta nusu ya umbo, basi miraba k inayojitegemea inaleta umbo k/2, na hiyo ndiyo kai-mraba yenye digrii k za uhuru:

```
f(y) = y^(k/2 − 1) · e^(−y/2) / (2^(k/2) · Γ(k/2)),   y > 0
```

Huenda mwalimu wako anapendelea njia ya momenti. Wastani wa e^(tZ²) ni (1−2t)^(−1/2) mradi t iwe chini ya 1/2. Ukizidisha k za namna hiyo unapata (1−2t)^(−k/2), ambayo ni ya gama yenye umbo k/2 na skeli 2. Ni fupi na ni sahihi kabisa. Mimi nimekupitisha kwenye integrali kwa sababu inaonyesha kwa macho ni wapi sharti la skeli moja linapofanya kazi. Kwenye njia ya momenti ni rahisi kulipita bila kuliona.

Wastani wa gama ni umbo mara skeli, na variansi ni umbo mara skeli mara skeli. Kwa kai-mraba hiyo inatoa wastani k na variansi 2k. Unaweza kuthibitisha bila gama: wastani wa Z² ni variansi ya Z, yaani 1. Wastani wa Z⁴ ni 3, kwa hiyo variansi ya Z² ni 3 − 1 = 2. Hesabu hii ndogo ndiyo kipimo cha haraka kuliko vyote cha kujua kama umeandika gama vizuri, na sasa tunaitumia kwenye kosa lako la R.

Uliandika `pgamma(5.991, 1, 2)` ukimaanisha umbo 1 na skeli 2. Umbo umelipatia: k ni 2, nusu yake ni 1. Lakini kwenye R, nafasi ya tatu ndani ya mabano ya `pgamma` si skeli. Ni kasi, `rate`, ambayo ni 1 gawa kwa skeli. R imeelewa kwamba skeli yako ni 1/2, ikakokotoa 1 − e^(−11.982), nayo ni 0.9999937. Hesabu ya mashine ni safi, ila si swali ulilotaka kuuliza. Pima kwa wastani: umbo 1 mara skeli 1/2 ni 0.5, wakati kai-mraba yenye digrii 2 lazima iwe na wastani wa 2. Hapo tu ungeshtuka. Dawa ni kutaja jina la kila kitu:

```r
pgamma(5.991, shape = 1, scale = 2)
pchisq(5.991, df = 2)
```

Zote mbili zinatoa 0.95 ukikadiria hadi desimali nne. Mtego huu unauma zaidi kwa anayehama kati ya programu. Kwenye Excel, `GAMMA.DIST(5.991, 1, 2, TRUE)` inatoa 0.95, kwa sababu huko nafasi ya tatu ni skeli. Kwenye scipy ya Python, `gamma.cdf(5.991, 1, 2)` inatoa 0.9815, kwa sababu huko nafasi ya tatu ni `loc`, yaani kiasi cha kusogeza mchoro mzima kulia. Namba tatu zilezile, majibu matatu, na programu zote tatu hazilalamiki. Vitabu navyo vimegawanyika: vingine vinaandika Gama(1/2, 2) na vingine Gama(1/2, 1/2) vikimaanisha kitu kimoja. Ukikutana na mabano hayo, tafuta kwanza mwandishi anatumia skeli au kasi.

Tena kwa k = 2 huhitaji programu wala jedwali. Umbo likiwa 1, uwezekano wa kuvuka y ni e^(−y/2). Unataka 0.05? Basi y = −2 ln 0.05, ambayo ni 5.991. Namba ya jedwali unaitoa kwa kikokotoo cha mfukoni.

Twende uwandani sasa. Kosa la mashariki ni E, la kaskazini ni N, kila moja ni la kawaida lenye wastani 0 na σ ya mita 3, na tuchukulie yanajitegemea. Umbali wa usomaji wako kutoka kwenye bikoni ni R, na R² = E² + N². Ukigawa kwa σ², yaani 9, unapata (E/3)² + (N/3)², miraba miwili ya Z. Kwa hiyo R²/9 ni kai-mraba yenye digrii 2, na uwezekano wa kuwa nje ya duara la nusu kipenyo r ni:

```
P(R > r) = e^(−r²/18)
```

Ile 18 ni 2σ², skeli ya R² yenyewe kabla hujaigawa. Usigawe R² kwa 3. Ni kosa la kawaida sana, na utalitambua kwa kuangalia vizio: R² iko kwenye mita za mraba, σ iko kwenye mita, na kinachobaki lazima kisiwe na kizio.

Duara lako la mita 5.88 ni 1.96 × 3. Ile 1.96 ni ya mwelekeo mmoja. Mraba wake ni 3.84, namba ya kai-mraba yenye digrii 1. Ukiiweka kwenye fomula, nje ya duara kunabaki e^(−1.9208), yaani 0.1465. Duara lako limeshika asilimia 85.35, si 95. Ili ulione hili bila fomula, chora mraba wenye pande zilizo mita 5.88 kila upande kutoka bikoni. Uwezekano wa kuwa ndani yake ni 0.95 × 0.95, yaani 0.9025, kwa sababu lazima E na N zote mbili ziwe ndani. Mraba wenyewe haufiki 0.95, na duara lako liko ndani ya mraba huo, pembe nne zimekatwa. Lingewezaje kushika zaidi?

Duara sahihi la asilimia 95 lina r = 3 × √5.991, yaani mita 7.34. Na duara linaloshika nusu ya masomo lina r = 3 × √(2 ln 2), yaani mita 3.53. Ukiongeza urefu kutoka usawa wa bahari kama mwelekeo wa tatu, nao ukiwa na σ ya mita 3, tufe la mita 5.88 linashika asilimia 72 tu, na la asilimia 95 linafika mita 8.39. Kila mwelekeo unaoongeza unaleta nusu nyingine ya umbo na kuusukuma uzito mbali na sifuri.

Hapo mwisho nimesema "nao ukiwa na σ ya mita 3", na kwa GPS hilo ni nadra. Kosa la urefu kwa kawaida ni kubwa kuliko la mlalo, na hata mashariki na kaskazini mara nyingi hazilingani. Hapa ndipo lile neno la skeli moja linaporudi. Tuseme σ ya mashariki ni mita 2 na ya kaskazini ni mita 4. E² ni 4Z₁², gama yenye skeli 8. N² ni 16Z₂², gama yenye skeli 32. Ukizijumlisha zilivyo, u haifutiki kwenye integrali, na R² si gama wala si kai-mraba iliyokuzwa. Usijaribu kuokoa hali kwa kuchukua wastani wa σ mbili. Gawa kila kosa kwa σ yake kwanza, ndipo uinue na kujumlisha: (E/2)² + (N/4)². Hiyo ni kai-mraba yenye digrii 2 bila shaka yoyote, na eneo la asilimia 95 linakuwa duaradufu lenye nusu mhimili wa mita 4.90 upande wa mashariki na mita 9.79 upande wa kaskazini.

Sharti jingine ni kujitegemea, na hili halionekani kwa macho. Fikiria hali ya kupita kiasi ambapo kosa la pili ni nakala ya la kwanza. Jumla ni 2Z². Wastani wake ni 2, sawasawa na kai-mraba yenye digrii 2, kwa hiyo ukiangalia wastani peke yake utadhani mambo ni shwari. Lakini variansi yake ni 8 badala ya 4, na uwezekano wa kuvuka 5.991 ni karibu 0.0835 badala ya 0.05. Kwa hiyo usikague wastani tu, kagua na variansi. Kwenye masomo ya GPS yaliyochukuliwa kila sekunde hali hii ipo kwa kiasi fulani: satelaiti ni zilezile na anga ni lilelile, kosa la sekunde hii linafanana na la sekunde iliyopita. Masomo 600 ya dakika 10 hayana uzito wa masomo 600 yanayojitegemea.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, ila utalikuta zoezi lijalo. Mpaka hapa tumechukulia unajua bikoni iko wapi hasa. Mara nyingi hujui, unatumia wastani wa masomo yenyewe. Chukua masomo mawili tu, X₁ na X₂, ya mwelekeo mmoja. Wastani wao uko katikati, kwa hiyo kila moja liko mbali nao kwa nusu ya X₁ − X₂, na jumla ya miraba ni (X₁ − X₂)²/2. Tofauti X₁ − X₂ ina variansi 2σ². Basi ukigawa jumla hiyo kwa σ² unapata mraba wa Z mmoja tu. Uliandika miraba miwili, lakini umbo lililomo ni nusu moja. Kwa masomo n inabaki kai-mraba yenye digrii n − 1. Aliyeithibitisha ni mtu wa fani yako, mwanajiodesia wa Ujerumani Friedrich Robert Helmert, katika makala zake za 1875 na 1876, miaka mingi kabla Karl Pearson hajaitumia kai-mraba mwaka 1900 kupima kama data inalingana na nadharia. Kwa masomo 20 kwenye bikoni moja, mashariki na kaskazini, una namba 40 lakini umekadiria wastani mbili, kwa hiyo digrii ni 38.

Na kama kuratibu za bikoni ulizopewa zina kosa lenyewe? Tuseme zimesogea mita 3 mashariki, na σ ni mita 3. Wastani wa E/σ si 0 tena, ni 1, na wastani wa R²/9 unapanda kutoka 2 hadi 3. Hiyo si kai-mraba ya kawaida, na gama haitakusaidia mpaka uondoe msogeo. Dalili yake ni kwamba masomo yanakaa kama kundi lililo pembeni ya bikoni, badala ya kuizunguka.

Kwa zoezi lako, fanya hivi. Kokotoa R²/9 kwa kila somo, angalia kama wastani uko karibu na 2 na variansi karibu na 4, kisha hesabu mangapi yamevuka mita 7.34; kwa masomo 100 yanayojitegemea tarajia kama 5. Wastani ukiwa mkubwa na kundi liko pembeni, shuku bikoni. Kundi likiwa limerefuka kama yai, gawa kila mwelekeo kwa σ yake. Likiwa limerefuka kwa mshazari, E na N hazijitegemei, na hata kugawa kwa σ hakutoshi: hapo unahitaji matriksi ya kovariansi, na mwalimu wako wa jiodesia au mtakwimu wa chuoni akae nawe mkiwa na faili ghafi la kipokezi, lenye saa ya kila somo na idadi ya satelaiti. Mpelekee faili hilo lenyewe, usimpelekee wastani ulioukokotoa, kwa sababu kutegemeana kwa masomo kunaonekana kwenye mfuatano wake wa saa tu.